Mbwa Anayebweka na Kulialia Ili Umtazame: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanamhusu mbwa anayekubwekea wewe kwa sababu anataka kitu kutoka kwako: macho yako, mpira, chakula, mlango ufunguliwe. Mbwa anayebwekea wapita njia au anayelia akiachwa peke yake ana shida nyingine, na dawa yake ni nyingine. Anatajwa hapa pale tu inapobidi, ili usimtibu ugonjwa usio wake.

## Kulielewa tatizo

1. Nitajuaje kwamba anabweka kwa kudai na si kwa sababu nyingine?

Tazama kwanza macho yake yako wapi. Anayeonya huutazama mlango, dirisha au ile sauti aliyoisikia. Anayedai hukutazama wewe. Husimama au kuketi mbele yako, hubweka mara moja au mbili, hunyamaza kidogo aone utafanya nini, kisha hurudia. Kile kituo cha katikati ndicho kitambulisho kizuri kuliko vyote, kwa sababu mbwa aliyeshikwa na hofu hasubiri jibu la mtu.

Ukiwa bado na shaka, inuka bila kusema neno, toka chumbani, usimame upande wa pili wa ukuta kwa muda mfupi. Mbwa anayedai kwa kawaida hukatiza kelele na kuja kukutafuta, maana aliyekuwa akimwambia hayupo. Anayebwekea kitu cha nje hata hatambui kwamba umeondoka. Na ikiwa kutoka kwako ndiko kunakomfanya aanze kuhema, kutetemeka au kukwaruza mlango, acha jaribio hilo. Huyo anaogopa kuachwa, na mengi yaliyomo humu, hasa habari ya kumpuuza, yatamzidishia.

2. Mbona mimi sijamfundisha kubweka?

Umemfundisha bila kukusudia, na karibu kila mwenye mbwa amefanya hivyo. Alipokuwa amejilaza kimya ulimwacha, kwa kuwa nani amsumbue mbwa aliyetulia? Alipobweka ulimgeukia, ukasema “nini wewe?”, ukamrushia mpira ili upate amani. Kwake hesabu ilikuwa rahisi: kimya hakileti kitu, sauti inaleta.

Wengi hushangaa kusikia kwamba hata kumtazama kunahesabika kuwa malipo. Vivyo hivyo kumsukuma kwa mkono, kumfokea, kuguna au kucheka. Mbwa aliyekaa nusu saa bila kuangaliwa na mtu hupokea kemeo kwa furaha ile ile anayopokea sifa, au karibu yake. Kama kukemea kungekuwa adhabu kwake, kelele zingekuwa zimepungua zamani.

3. Je, kulialia nako ni kudai?

Huenda ni kudai, huenda sivyo. Ile sauti nyembamba ya puani ndiyo ngumu kuisoma, kwa kuwa mbwa huitoa akitaka kitu, akiwa na wasiwasi, akiumwa, au akiwa amesisimka tu mpaka mwili umemzidi. Kubweka mara nyingi ni kitendo alichokichagua. Kulialia mara nyingi humtoka.

Kwa hiyo usiutumie mlio peke yake kuamua, uangalie na mwili. Anayelialia kwa kudai ana mwili uliolegea, mkia unatikisika, na hunyamaza mara tu apatapo kitu chenyewe. Anayelialia kwa wasiwasi hupiga miayo isiyo ya usingizi, hujilamba midomo, huzunguka huku na huku, na hata ukimpa anachokitaka hatulii. Huyo wa pili anahitaji kwanza kuondolewa kinachomsumbua. Utulivu haununuliki kwa mbwa mwenye hofu.

4. Itakuwaje kama ana shida ya kweli nami namdhania anadeka?

Hili ni la kuliondoa kabla ya mengine yote. Kama tabia imezuka ghafla kwa mbwa ambaye hakuwa nayo, mpeleke kwa daktari wa wanyama kwanza. Maumivu ya viungo, ya masikio na ya tumbo humfanya mbwa amfuate mtu akilia. Kuna dawa pia, hasa zile za jamii ya steroidi, zinazoongeza njaa, kiu na mkojo. Mbwa aliye kwenye dawa hizo anapobweka mbele ya bakuli au mlangoni, hafanyi hila.

Baada ya afya, angalia siku yake. Je, ametoka nje na kukojoa? Amepata muda wa kunusa na kutembea? Amelala vya kutosha? Mbwa mzima hulala takriban nusu ya siku, na aliyenyimwa usingizi huwa msumbufu kama aliyenyimwa matembezi. Mahitaji hayo yatimizwe kwa ratiba yako, kabla hajapaza sauti. Ukiyatimiza baada ya kelele, umeyageuza kuwa malipo ya kelele.

## Kumpuuza: kunakofaa na kunakoshindwa

5. Nimeambiwa nimpuuze tu. Mbona haifanyi kazi?

Kwa sababu ni nusu ya ushauri. Kumpuuza humwambia mbwa kwamba kubweka hakulipi, lakini hakumwambii kinacholipa. Yeye bado anakutaka. Ukimfungia mlango wa sauti bila kumfungulia mwingine, atajaribu wa kucha, kisha wa kutafuna soksi, na mmojawapo utamfungukia.

Tatizo la pili ni kwamba watu hupuuza kwa sehemu. Wanavumilia, wanavumilia, halafu siku ya mgeni au ya kichwa kuuma wanampa. B. F. Skinner alionyesha kwa panya na njiwa kwamba tabia inayolipwa mara moja moja, bila mpangilio unaotabirika, huchukua muda mrefu zaidi kufa kuliko ile iliyokuwa ikilipwa kila mara. Ndiyo maana mtu huendelea kuilisha sarafu mashine ya kamari iliyokwisha mla nusu ya mshahara. Mwenye mbwa anayepuuza mara tisa na kukubali ya kumi hapunguzi kubweka. Anamfundisha mbwa kuvumilia mpaka ya kumi.

Kwa maoni yangu, kupuuza peke yake hakufai kuitwa mpango. Ni kitu unachofanya katika zile sekunde ambazo mpango wenyewe, yaani kulipa kimya mapema, umekuponyoka. Mpango huo uko kuanzia swali la 8.

6. Tangu nianze kumpuuza amezidi. Nakosea wapi?

Pengine hukosei. Njia iliyozoea kumletea kitu ikikatika, mbwa huijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha: sauti inapanda, mibweko inafuatana, anaongeza kukurukia au kukugusa kwa pua. Ni hatua ya kawaida na hupita, ila ndiyo hatua hatari kuliko zote. Ukikubali hapo, umelipa kelele kubwa kuliko zote alizowahi kupiga, na kesho ataanzia hapo alipoishia leo.

Utaitofautishaje na mpango ulioharibika? Mpandisho wa kawaida ni mfupi na una mwisho. Andika kila jioni alianza saa ngapi na akaacha saa ngapi. Baada ya siku chache vipindi huanza kufupika, hata kama kila mbweko bado ni mkali. Vipindi visipofupika, kuna mahali analipwa. Tafuta mtu wa pili nyumbani (swali la 16), au jichunguze wewe: huenda unamtupia jicho pembeni bila kujua.

Ukianza kulipa kimya mapema kabla ya kumpuuza, mpandisho huu huwa mdogo sana, na kwa mbwa wengine huwezi hata kuuona.

7. Maji ya kupuliza, kola ya mtetemo au ya umeme, kopo la kutikisa: vinasaidiaje?

Huweza kukata sauti ya wakati huo. Havigusi sababu ya sauti. Mbwa alikuwa anataka kuwa karibu nawe. Sasa bado anataka, na ukaribu wako umeanza kuchanganyika na kitu kinachomshtua. Baadhi huhamia tabia nyingine, wengine huwa na wasiwasi, na mwenye wasiwasi hulialia zaidi. Chupa ya maji ina kasoro yake ya ziada: wapo mbwa wanaoipenda, wakaigeuza mchezo.

## Kulipa utulivu

8. Utulivu unaolipwa ni upi hasa?

Usilipe tu kule kutokubweka. Mbwa anaweza kuwa kimya huku amekaza misuli yote, macho hayaondoki mkononi mwako, kama anayesubiri filimbi ipulizwe. Ukimlipa huyo, utapata mbwa anayekukodolea macho jioni nzima, na mkodoleaji yuko hatua moja tu kabla ya kubweka.

Angalia nyonga. Mbwa aliyejilaza sawasawa, miguu yote chini ya mwili, yuko tayari kuruka. Aliyelegeza nyonga moja ikaangukia upande ameanza kutulia. Baada ya hapo kidevu kinagusa sakafu, macho yanapepesa taratibu, mara nyingi pumzi ndefu inamtoka puani. Hayo ndiyo ya kulipwa zaidi. Siku za mwanzo lipa chochote kilicho kimya na chini. Nyonga ikianza kulegea, anza kuchagua.

9. Nianzeje, hatua kwa hatua?

Mtandikie mkeka au blanketi karibu na unapoketi, mahali pamoja kila siku. Chukua sehemu ya chakula chake cha siku, uikate au uihesabu katika vipande visivyozidi ukubwa wa punje ya maharage, uiweke kwenye kikombe mahali asipokiona. Kwa kuwa inatoka kwenye mgao wake, hatanenepa. Ukitumia vitu vya nje ya mgao, visizidi sehemu ya kumi ya anachokula kwa siku.

Keti. Usimwite wala usimwamuru. Akijilaza, teremsha mkono polepole, weka kipande sakafuni katikati ya miguu yake ya mbele, urudishe mkono. Namna ya kukiweka ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kipande kinachotua chini hukiweka kichwa chini, ilhali kinachotolewa juu, kwa sauti ya “hodari wee!”, humsimamisha, na ukiisha msimamisha umeununua msisimko kwa bei ya utulivu. Sifa ziwepo, ila za chini kwa chini.

Endelea hivyo kwa dakika tatu hadi tano. Kisha fungua viganja vyote viwili vikiwa vitupu, sema neno moja la kufunga, kwa mfano “basi”, uinuke uende zako. Baada ya siku chache “basi” itamaanisha kwamba duka limefungwa, na ndiyo itakayomzuia kukaa nusu saa nzima akisubiri kipande kisichokuja.

10. Nipeni mfano kamili. Nalipa baada ya sekunde ngapi?

Tuchukue hali inayoulizwa kuliko zote. Mwenye mbwa anarudi jioni, anafungua kompyuta, na kabla kazi haijaanza mbwa wake wa miaka mitatu ameshasimama mbele ya kiti anabweka.

Kwanza anapima. Kwa jioni 5 anafanya kama kawaida yake, ila anaangalia saa: tangu aketi mpaka mbweko wa kwanza. Anapata sekunde 50, 35, 70, 40 na 55. Wengi hapo wangechukua wastani, ambao ni 50. Namba ya maana ni ndogo kuliko zote, 35, kwa sababu anataka kufika kabla ya mbweko, kila mara.

Kwa hiyo jioni ya 6 anampeleka mbwa matembezini kwanza, anamwacha anuse atakavyo, wanarudi, anaketi. Kipande cha kwanza kinatua mkekani sekunde ya 15. Kinachofuata kinakuja baada ya 15 nyingine, kisha 20, kisha 10, kisha 25, kisha 15. Zinapanda na kushuka makusudi. Zikipanda tu, mbwa hutambua kwamba kazi inazidi kuwa ngumu, akaanza kulalamika. Dakika 5 hivi humaliza vipande kama 17. Anasema “basi”, anafunga kompyuta hata kama kazi haijaisha, wanatoka nje kidogo. Jioni hizo za mwanzo ni za mafunzo. Kazi halisi aifanye saa nyingine, au mbwa akiwa amelala.

Jioni tatu mfululizo zikipita bila mbweko, anapandisha: vipindi vya kati ya sekunde 10 na 45. Zikipita tatu nyingine, kati ya 20 na dakika moja na nusu. Mbweko mmoja ukitokea haumbadilishii kitu. Ikitokea miwili katika kikao kimoja, kikao kinachofuata anarudi ngazi moja nyuma. Ni kawaida kurudi nyuma mara kadhaa.

Na mbweko ukitokea? Macho yanabaki kwenye kompyuta, mikono haiendi kwenye kikombe, uso haubadiliki. Mbwa akinyamaza, anahesabu moyoni mpaka mbwa atulie sekunde 5 mfululizo, na bado halipi. Anasubiri mbwa afanye jambo la ziada, arudi mkekani au alale, ndipo anapolipa. Sababu ya kusubiri huko iko katika swali linalofuata.

Ishara kwamba mpango umeshika ni kwamba siku moja anafungua kompyuta, na mbwa anakwenda mkekani mwenyewe kabla hajaitwa. Kompyuta, iliyokuwa ishara ya kubweka, imekuwa ishara ya kulala.

11. Anabweka, ananyamaza, kisha ananitazama akingoja kipande. Nimeharibu?

Umemfundisha mnyororo wenye pete tatu: bweka, nyamaza, lipwa. Hutokea kila mara malipo yanapofuata kimya kilichotanguliwa na kelele kwa karibu mno. Kwa upande wake kubweka ndiko kunakofungua mchezo, basi anaufungua.

Hapa ndipo amri ya “nyamaza” inapowaangusha wengi. Mbwa anabweka, mtu anasema “nyamaza”, mbwa ananyamaza, anapewa, baada ya dakika moja anabweka tena ili aambiwe anyamaze. Inaonekana ni mafanikio kwa sababu amri inatiiwa vizuri sana!

Kuukata mnyororo kunahitaji mambo mawili kwa pamoja. Refusha nafasi kati ya kelele na malipo, na uweke kitendo kingine katikati, kama nilivyoeleza hapo juu. La pili, ambalo ndilo kubwa, ongeza malipo yasiyotanguliwa na mbweko kabisa. Hesabu siku moja: kati ya vipande 20 ulivyotoa, vingapi vilifuata kelele ndani ya nusu dakika iliyotangulia? Vikizidi viwili au vitatu, unachelewa kulipa. Rudi kwenye vipindi vifupi zaidi.

12. Vipi ninapomtayarishia chakula? Hapo hanyamazi hata chembe.

Afadhali hapo, kwa kuwa hapo kitu anachokitaka kiko mkononi mwako na kinaweza kusogea. Chukua bakuli, anza kuliteremsha. Akibweka au kulialia, bakuli linarudi juu ya meza bila maneno. Akinyamaza, linashuka. Usimpe amri yoyote. Mwendo wa bakuli ndio unaoongea.

Siku ya kwanza bakuli linaweza kupanda na kushuka mara nyingi, kwa hiyo usianze siku una haraka, na anza na nusu ya mlo asiwe na njaa kali mno. Wengi huelewa ndani ya milo michache. Mbwa akianza kubweka hata kabla hujagusa bakuli, kwa sauti ya kabati tu, shuka ngazi: mara kadhaa kwa siku fungua kabati na ulifunge, bila chakula, ukiweka kipande mkekani akiwa bado kimya.

13. Nitabeba vipande mfukoni maisha yangu yote?

Hapana, ila usiviache ghafla. Vikao vikifika dakika 20 hivi za kimya, anza kubadilisha baadhi ya vipande kwa vitu vya kila siku ambavyo alikuwa akividai: kumkuna kifuani, kumfungulia mlango, kumrushia mpira, kumruhusu apande kochini kama nyumba yenu inaruhusu. Vyote hivi uvitoe akiwa kimya. Baada ya miezi michache malipo mengi yatakuwa ya aina hiyo.

Angalizo moja kuhusu mpira: humsisimua. Ukimlipa kwa mpira mbwa aliyelegea, umemwamsha. Kwa mbwa wapenzi wa mpira mimi ningeutunza uwe wa nje tu, nikauondoa machoni kabisa ndani ya nyumba.

## Hali za pekee

14. Niko kwenye simu ya kazi, anabweka, na siwezi kumpuuza. Nifanyeje sasa hivi?

Sasa hivi, mpe kitu uepuke aibu, ukijua kwamba umelipa. Mara moja haitakuua. Itakayokugharimu ni ile ya kila siku.

Kwa simu inayofuata, jiandae kabla. Dakika moja kabla ya kupiga, mbwa akiwa kimya, mpe kitu cha kulamba au kutafuna kinachochukua muda, mkekani pake. Neno zito hapo ni “kabla”. Kitu kile kile kikitolewa baada ya mbweko wa pili kinakuwa malipo ya mbweko wa pili. Fanya pia simu za uongo: weka simu sikioni, zungumza peke yako nusu dakika, lipa kimya, iteremshe.

15. Analia usiku wa manane. Nikimpuuza majirani wanaamka.

Kwanza hakikisha si mkojo. Kama ni mtoto wa mbwa au mbwa mwenye sababu za kiafya, mtoe nje kwa kamba, gizani, bila mazungumzo wala mchezo, akojoe, mrudi. Safari ya namna hiyo haina utamu, kwa hiyo haimfundishi kukuamsha kwa burudani.

Akiwa mzima na haja zake zimekwisha, usiku si wakati wa kufundisha. Msogeze karibu na kitanda chako, hata kama huko siko unakotaka alale daima, na ufanye mafunzo mchana. Mahali pake pa kulala unaweza kupasogeza taratibu hapo baadaye, hatua moja kwa usiku kadhaa. Na kwa mbwa uliyempokea wiki hii, kumwacha peke yake alie mpaka achoke sikushauri kabisa. Bado hajui kama mnarudi.

16. Mimi napuuza, wengine nyumbani wanampa. Je, kuna faida?

Ipo, ila ndogo. Mbwa hujifunza upesi nani hulipa, atakuacha wewe na kuwaganda wao. Usiwaombe waache, maana kuacha ni kugumu. Wape kazi ya kufanya badala yake: kila mmoja awe na vipande vyake vitano asubuhi, na sharti pekee ni kwamba vyote viishe kabla ya jioni kwa kumlipa mbwa aliyelala. Watoto huifanya kazi hii vizuri kuliko watu wazima, wakisimamiwa. Mtu atakayekataa kabisa, mweke mbwa chumba kingine katika ile saa yake, hasa anapokula mezani.

17. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anaweza kujifunza haya?

Anaweza, kwa vikao vya dakika moja. Ila kabla ya kusema anadai, angalia alilala lini mara ya mwisho. Watoto wa umri huo huhitaji usingizi wa saa 18 hivi kwa siku, na anayekubwekea, kukung'ata suruali na kukimbia ovyo jioni mara nyingi amechoka tu. Mlaze mahali penye giza na kimya. Mkojo nao hawezi kuuzuia kwa saa nyingi, kwa hiyo kulia kwake mlangoni kujibiwe.

18. Nina wawili. Mmoja akianza, wa pili anaitikia.

Wafundishe mmoja mmoja, mwenzake akiwa chumba kingine na kitu cha kutafuna, mpaka kila mmoja afike dakika 10 za kimya peke yake. Ukiwaunganisha, rudi kwenye sekunde 15 za swali la 10, kwa mikeka miwili iliyoachana. Lipa wa kimya hata kama mwenzake anabweka. Aliyebweka hulipwa akishatimiza masharti yake, bila haraka. Wengi huogopa kwamba huko ni kumwonea. Kwa kawaida ndiko kunakomfanya aliyebweka aangalie mkeka wake.

19. Alikuwa ameacha kabisa, miezi imepita, ameanza tena.

Tabia iliyozimika hurudi yenyewe mara moja moja, hasa baada ya safari, mgeni kulala nyumbani au ratiba kuvurugika. Ukiilipa hapo itafufuka haraka kuliko ilivyochukua kufa. Usiilipe, na kwa siku mbili tatu rudisha vipande vya mara kwa mara. Hukatika upesi zaidi kuliko mara ya kwanza. Isipokatika ndani ya wiki, rudi kwenye swali la 4 na uanzie kwa daktari.

20. Mbwa wangu ni mzee, au hasikii vizuri. Je, mpango unabadilika?

Kwa asiyesikia unabadilika kidogo tu. Neno “basi” liwe viganja vitupu peke yake, na kabla ya kumgusa akiwa amelala, gonga sakafu au sogeza kipande karibu na pua asishtuke. Fahamu pia kwamba yeye mwenyewe hasikii ukubwa wa sauti yake, basi usitarajie akubwekee kwa adabu.

Kwa mzee kuwa mwangalifu zaidi. Mbwa mkongwe anayesimama katikati ya chumba akilia usiku, anayekwama kwenye pembe ya ukuta, anayelala mchana na kuzunguka usiku, au anayekusahau mara kwa mara, huenda ubongo wake unadhoofika kwa uzee. Yeye hakudai, amepotea. Usimpuuze hata kidogo. Mwashie taa ndogo, kaa naye, na umweleze daktari saa na namna anavyolia, kwa kuwa zipo dawa na mabadiliko ya lishe yanayoweza kumpunguzia.